Kusoma kipimo cha INR kwa anayetumia warfarini: namba moja, hukumu mbili

Somo la leo ni kwa wanaotumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande ovyo, na kwa wanaowauguza. INR ni namba inayoonyesha damu inachelewa kuganda kiasi gani. Nitamfuata mama mmoja wa mfano: ana miaka 41, moyo wake uliharibiwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni, akawekewa vali ya chuma upande wa mitrali. Anameza miligramu 5 kila jioni, yaani 35 kwa wiki.

Hatua ya 1: Damu kutolewa. Inawekwa kwenye chupa yenye kifuniko cha buluu, ambayo ndani ina sitrati ya kuzuia damu isigande njiani. Chupa lazima ijae hadi kwenye mstari, kwa sababu sitrati imepimwa kwa uwiano: sehemu 1 kwa sehemu 9 za damu. Ikijaa nusu, sitrati inazidi, damu inachelewa kuganda kwenye mashine, na INR inatoka juu kuliko ukweli. Mkiona namba imeruka ghafla bila sababu, ombeni damu ichukuliwe upya kabla ya kugusa dozi.

Hatua ya 2: Kuhesabu sekunde. Maabara inachukua ule umajimaji wa juu wa damu, inautia kalsiamu na kitendanishi kiitwacho thromboplastini, kisha inapima unachukua sekunde ngapi kuganda. Huo ndio muda wa prothrombini, PT. Kwa mama yetu zilikuwa sekunde 22, wakati wastani wa watu wasiotumia dawa kwenye maabara hiyo ni 12.

Hatua ya 3: Kugeuza sekunde kuwa INR. Vitendanishi hutofautiana ukali, hivyo sekunde 22 za maabara moja si sawa na 22 za nyingine. Kila kitendanishi huja na namba ya ukali wake, ISI. Hapa ilikuwa 1.2:

```
INR = (22 / 12)^1.2 = 2.1
```

Kwa hiyo mkienda na majibu kliniki nyingine, pelekeni INR. Sekunde peke yake hazitawasaidia.

Hatua ya 4: Kulinganisha na lengo lako, siyo la jirani. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Kwa mwenye bonge la damu mguuni lengo ni 2.0 hadi 3.0, na 2.1 ingekuwa sawa kabisa. Kwa vali ya chuma ya mitrali lengo ni 2.5 hadi 3.5, maana damu hupita pale taratibu na huganda kwa urahisi juu ya chuma. Kwake 2.1 ni pungufu: bonge linaweza kukwamisha vali au kukimbilia kwenye ubongo likaleta kiharusi. Kwa upande wa pili, INR ikipita 4.5 hatari ya kuvuja damu, hasa ndani ya kichwa, hupanda kwa kasi.

Hatua ya 5: Kuuliza kwanza, kubadili dozi baadaye. Je, aliruka vidonge? Ameanza dawa mpya? Ameongeza kisamvu au mchicha kuliko kawaida yake? Angekuwa ameruka siku mbili, dozi ingebaki ileile na angekumbushwa tu. Hakuruka, na chakula hakikubadilika, hivyo kliniki ilipandisha kidogo: siku moja ya wiki anameza kidonge kimoja na nusu, jumla 37.5. Kipimo kinarudiwa baada ya wiki moja au mbili. Tafadhali usijipandishie mwenyewe nyumbani.

MASWALI YA WANACHAMA

— Shikamoo daktari. Mzee wangu anatumia rivaroksabani, INR yake 1.4. Dawa haifanyi kazi?

Marahaba, ila mimi ni wa maabara tu. INR imetengenezwa kwa ajili ya warfarini na jamii yake. Kwa rivaroksabani haikuambii kama dawa inatosha, kwa hiyo 1.4 hiyo isiwatishe. Aendelee kumeza kama alivyoelekezwa.

— Nimeandikiwa metronidazoli kwa amiba, nami niko kwenye warfarini. Nimeze?

Mwambie aliyekuandikia kabla hujameza, dada. Metronidazoli inazuia ini kuivunja warfarini, na INR hupanda ndani ya siku chache. Akiona ni lazima, wapunguze dozi au wapime mapema, siku ya 3 hadi ya 5. Rifampisini ya kifua kikuu hufanya kinyume: huishusha.

— Mdogo wangu ana bonge mguuni, siku ya 3 tu INR imefika 2.3, lakini bado wanamchoma sindano za heparini. Si zimekwisha kazi?

Bado. Warfarini huzuia ini lisitengeneze protini kadhaa za kugandisha damu. Zimepewa namba: ile ya saba huisha haraka, kwa saa chache, na ndiyo iliyopandisha hiyo 2.3. Ya pili, prothrombini yenyewe, hukaa siku mbili tatu kabla haijapungua nusu, kwa hiyo damu yake bado inaweza kuganda. Sindano zinaendelea angalau siku 5, na haziachwi hadi INR ikae 2.0 au zaidi kwa saa 24.