Variansi ya malighafi na leba: usishangilie bei kabla hujaangalia stoo

Wakuu, variansi ni tofauti kati ya gharama iliyopangwa na iliyotumika kweli. Leo tuchukue karakana ya madawati, hesabu moja tu ila tuifuate mpaka mwisho.

Stendadi, yani kiwango kilichopangwa, ya dawati moja ni mbao 4 za sh 8,000 na masaa 5 ya fundi kwa sh 3,000. Bajeti ilikuwa madawati 100, wakatengeneza 120. Wametumia mbao 540 walizonunua kwa 7,500, na mafundi wamelipwa masaa 660 kwa 3,000 ileile.

Hatua ya 1. Irekebishe bajeti iendane na madawati 120. Wengi wanaruka hapa wanalinganisha na mbao 400, yani umeongeza kazi halafu unajishangaa kwa nini mbao zimezidi. Kwa 120 stendadi ni mbao 480 na masaa 600.

Hatua ya 2. Mbao, na bei unaitenga na matumizi:

```
Bei:      (8,000 - 7,500) x 540 = 270,000 nzuri
Matumizi: (480 - 540) x 8,000   = 480,000 mbaya
```

Matumizi tumezidisha kwa bei ya stendadi, sio 7,500, maana aliyeko karakana hakupanga bei asibebeshwe ya manunuzi. Jumla 210,000 mbaya.

Hatua ya 3. Leba. Reti haijabadilika kwa hiyo variansi yake ni sifuri. Ufanisi ni (600 - 660) x 3,000 = 180,000 mbaya.

Hatua ya 4, na hii ndo kazi yenyewe. Nzuri maana yake gharama imeshuka chini ya stendadi, basi, haisemi kama uamuzi ulikuwa wa maana. Nenda kaangalie mbao. Ukikuta zimepinda na zina vifundo, fundi anapiga randa muda mrefu na vipande vingi vinatupwa, basi ile 270,000 ya manunuzi ndo imezaa 480,000 na 180,000, karakana imepoteza 390,000. Ila kama mbao ziko sawa usilazimishe hiyo hadithi, angalia wizi, misumeno butu au mafundi wapya.

MASWALI

Mkuu, kama walinunua mbao 600 na 60 zimebaki stoo?
– Kama stoo inathaminiwa kwa stendadi, variansi ya bei piga kwa zote 600, inakuwa 300,000 nzuri. Matumizi inabaki kwenye 540.

Umeme ulikatika masaa 40 mafundi wamekaa tu ila wamelipwa, hiyo nayo ni uvivu wao?
– Hapana ndugu yangu, itoe pembeni kama muda wa kukaa bure, 40 x 3,000 = 120,000 mbaya. Ufanisi unabaki masaa 20, yani 60,000, na hiyo ndo utamuuliza msimamizi wa karakana.

Na kama kila mwezi matumizi yanatoka mbaya?
– Ikaguliwe stendadi yenyewe. Labda hizo mbao 4 zilipangwa bila kuhesabu vipande vinavyokatwa kihalali, hapo utagombana na watu bure.