Somo: Kutoa muhtasari wa rekodi ya mazungumzo na wakili (ushauri, nyaraka, tarehe za mwisho)

Rekodi ya mazungumzo na wakili ina mengi ambayo mteja hayahitaji kuyasoma tena: salamu, historia ya mgogoro, maswali ya kurudiarudia. Anachohitaji kinaingia kwenye ukurasa mmoja au miwili. Kuacha jambo si kosa baya kuliko yote, kwa sababu mteja anaweza kuuliza. Kosa baya ni kuandika tarehe ambayo wakili hakuisema, maana mteja ataiamini. Kwa hiyo tutakaa zaidi kwenye sehemu ya tarehe.

Mfano tutakaoutumia: mfanyabiashara anadaiwa bei ya mzigo. Amepokea wito wa mahakama pamoja na hati ya madai, na amezungumza na wakili Ijumaa, 5 Juni, kwa dakika 46. Wakili alijua anarekodiwa na aliridhia. Bila hilo msianze.

Hatua ya 1: Sikiliza yote kabla ya kuandika muhtasari

Weka nakala ya faili pembeni na ile ya asili usiiguse. Sikiliza mwanzo hadi mwisho ukiandika dakika tu: "09 muda wa utetezi", "22 stakabadhi", "31 muda tena". Uvumilivu huu una sababu. Kwenye rekodi yetu, dakika ya 9 wakili anasema utetezi uwasilishwe ndani ya siku 21. Dakika ya 31, akiwa sasa ameushika wito mkononi, anasema: "Hapana, hapa wameandika 14." Anayefupisha huku akisikiliza hubaki na 21, kwa kuwa akifika dakika ya 31 anadhani sehemu ya muda ameshaimaliza.

Hatua ya 2: Ushauri

Tenganisha agizo, ushauri wenye sharti, na maelezo ya jumla. Agizo ni kama "usimwandikie mdai chochote kuhusu deni". Liandike kwa maneno yake, na hiyo "usi-" uihakikishe mara mbili. Herufi tatu zikidondoka, mteja anafanya kinyume.

Ushauri wenye sharti ndio unaoharibika zaidi. Wakili alisema: "Stakabadhi za malipo zikipatikana, sehemu hiyo ya deni tutaikanusha. Zisipopatikana, tuzungumze nao kuhusu kulipa kwa awamu." Muhtasari mbovu unasema: "Wakili ameshauri kulipa kwa awamu." Hakushauri hivyo. Andika pande zote mbili za sharti, au usiandike kabisa.

Angalia pia ni nani anayesema. Dakika ya 27 mteja anasema, "Basi nitampelekea nusu wiki ijayo," na wakili anaitikia "mh". Mwitikio huo ni wa kusikiliza tu. Usiugeuze kuwa ruhusa.

Hatua ya 3: Nyaraka

Kila waraka uwe na mambo matatu: jina lake, halisi au nakala, na uko kwa nani. Ongeza sababu ikiwa wakili aliitaja, kwani mteja akiijua hataleta karatasi isiyohusika. Wakili akisema "karatasi zote za mzigo", usijitungie orodha. Andika maneno hayohayo, kisha weka swali la kumuuliza.

Ujumbe wa simu una utata wake. Wateja wengi huleta picha za skrini na kufuta mazungumzo yenyewe. Kama wakili amesema ujumbe usifutwe na simu iletwe, hayo ni maagizo mawili, yapewe mistari miwili.

Hatua ya 4: Tarehe za mwisho

Kila muda una idadi ya siku na tukio la kuanzia. Siku 14 bila tukio la kuanzia si tarehe. Hapa hati ya madai imeandikwa 28 Mei, lakini mteja alisaini kupokea wito tarehe 3 Juni. Ukihesabu siku 14 kutoka 28 Mei unapata 11 Juni. Kutoka 3 Juni unapata 17 Juni. Wakili alisema "tangu ulipopokea", kwa hiyo tunashika 3 Juni. Linabaki swali moja: je, siku ya kupokea yenyewe inahesabiwa? Ikihesabiwa, mwisho ni 16 Juni. Hilo si la mwandishi kuamua. Andika ile ya mapema, weka alama, na umwulize wakili. Muulize pia kama ni siku za kazi au siku zote.

Lugha yetu nayo ina mitego. "Mwezi wa tatu" ni Machi, "miezi mitatu" ni muda, na kwenye rekodi yenye kelele yanakaribiana sana. "Saa tatu" iandikwe saa 3 asubuhi (09:00), kwani kalenda ya simu haijui saa zetu. "Jumatatu" igeuzwe tarehe kwa kuhesabu kutoka siku ya mazungumzo, si siku unayoandika.

Sehemu hii ikikamilika inasomeka hivi:

- Kukutana na wakili kupitia hati za mzigo: Jumatatu, 8 Juni, saa 3 asubuhi (09:00). [dk 44]
- Mteja kumfikishia wakili stakabadhi: 12 Juni. Wakili alisema "siku 4 kabla ya mwisho". Imehesabiwa kutoka 16 Juni. [dk 33]
- Wakili kuwasilisha utetezi: 16 Juni, ITHIBITISHWE (huenda 17). Siku 14 tangu kupokea wito 3 Juni. Dk 9 alitaja 21, akasahihisha dk 31.

Tarehe zikae juu kabisa ya ukurasa. Kisha rudi kwenye rekodi, usikilize kila dakika uliyoitaja, na umpelekee wakili muhtasari kabla mteja hajaanza kuufuata.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, rekodi ina sehemu haisikiki, na hapo ndipo idadi ya siku ilipotajwa. Niandike ninachodhani?*

Hapana, ndugu. Andika "[haisikiki, dk 18:20, idadi ya siku]" na uweke juu kwenye maswali ya wakili. Ukiandika dhana yako, hata ukiweka alama ya kuuliza, alama hiyo hupotea mteja anaponakili tarehe kwenye kalenda.

*Wakili alisema "fanya haraka" tu. Naiweka wapi?*

Kwenye tarehe za mwisho, kama alivyosema: "haraka, hakutaja siku". Usiipeleke kwenye ushauri, itasahaulika huko.

*Naweza kuweka muhtasari kwenye kundi la familia ili ndugu watafute nyaraka?*

Usiweke. Mazungumzo ya wakili na mteja yana kinga ya siri, na katika nchi nyingi kumpa mtu wa nje kunaweza kuidhoofisha kinga hiyo. Toa orodha ya nyaraka peke yake, bila sababu wala ushauri. Rekodi nayo isitumwe.

*Mteja anasema wakili alimwambia jambo lingine mlangoni, baada ya rekodi kuzimwa.*

Liandike chini kabisa, chini ya kichwa "Kwa maelezo ya mteja, halimo kwenye rekodi". Likiwa linapingana na rekodi, taja dakika inayopingana nalo na umwachie wakili aseme lipi ni lipi.