Jinsi ya kuipima hoja ya wingi wa vijana katika andiko la masuala ya migogoro: mfano wa Kenya 2007–2008

“Vijana wasio na ajira ni bomu linalosubiri kulipuka.” Kauli hiyo imesemwa sana kwenye majukwaa ya siasa Afrika Mashariki, na kutoka huko imeingia kwenye maandiko ya wanafunzi kana kwamba ni matokeo ya utafiti. Ukiiandika bila kuipima, msahihishaji anayelijua somo atakuuliza jambo moja tu: kama vijana walikuwa wengi miaka yote, kwa nini bomu lililipuka mwaka huo na si mwingine? Mwongozo huu unaonyesha namna ya kulijibu swali hilo kwa kesi ya ghasia za baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007.

Hatua ya 1: Tenganisha madai mawili

Dai la kwanza ni la kiasi: nchi ambayo vijana ni sehemu kubwa ya watu wazima ina uwezekano mkubwa zaidi wa kuanza kwa mapigano, vigezo vingine vikiwa sawa. Dai la pili ni kwamba muundo wa umri ndio unaoamua, yaani vijana wakizidi, vurugu haziepukiki.

Utafiti unaotajwa zaidi ni wa Henrik Urdal wa mwaka 2006, uliotumia takwimu za nchi nyingi kati ya 1950 na 2000. Aligundua kwamba kila asilimia moja inayoongezeka kwenye sehemu ya vijana huongeza uwezekano wa mapigano kwa zaidi kidogo ya asilimia 4. Hilo ni dai la kwanza. Andiko dhaifu humnukuu Urdal kwenye utangulizi kisha huhitimisha kwa dai la pili, ambalo takwimu zake hazilibebi. Lenga shaka yako kwenye mruko huo. Ukimshambulia Urdal kwa jambo ambalo hakulisema, andiko lako ndilo litakaloanguka.

Hatua ya 2: Kokotoa kipimo kwa mkono wako

Usinakili asilimia ya vijana kutoka ripoti yoyote kabla hujajua wamegawanya nini kwa nini. Chukua sensa ya Kenya ya 2009, iliyo karibu zaidi na ghasia tunazozichunguza. Watu wote walikuwa takriban milioni 38.6. Watoto wa chini ya miaka 15 walikuwa kama milioni 16.6, kwa hiyo wenye miaka 15 na kuendelea walikuwa milioni 22. Wenye miaka 15 hadi 24 walikuwa milioni 7.9, na wa 25 hadi 29 milioni 3.2.

Sasa gawanya kwa njia tatu:

- 15–24 kwa watu wote: 7.9 ÷ 38.6, karibu asilimia 21.
- 15–24 kwa watu wazima: 7.9 ÷ 22, karibu asilimia 36.
- 15–29 kwa watu wazima: 11.1 ÷ 22, karibu asilimia 50.

Nchi ni ileile na sensa ni ileile, lakini mwandishi mmoja atasema kijana ni mmoja kati ya watano na mwingine atasema ni nusu ya watu wazima. Tofauti hii imegawanya watafiti wenyewe. Paul Collier na Anke Hoeffler, katika kazi yao ya 2004, walitumia vijana wa kiume wa miaka 15–29 wakigawanywa kwa watu wote, na hawakupata uhusiano wa maana na vita vya wenyewe kwa wenyewe. Urdal aligawanya kwa watu wazima na akaupata. Sababu yake ni nzuri: uzazi ukiwa juu, watoto huvimbisha namba ya chini, na nchi yenye vijana wengi sana huonekana ya kawaida.

Basi andika kipimo chako kwenye sehemu ya mbinu, useme kwa nini umekichagua, halafu ushikamane nacho hadi mwisho. Kosa linaloonekana mara nyingi ni mwandishi kuchukua asilimia ya 15–35, kwa kuwa ndiyo tafsiri ya “kijana” katika Mkataba wa Vijana wa Afrika, kisha kuilinganisha na kizingiti cha hatari cha Urdal cha asilimia 35, kinachohusu wa 15–24 tu. Namba hizo mbili hazilinganishiki kabisa.

Hatua ya 3: Geuza ongezeko kuwa uwezekano halisi

Urdal anasema nchi ambayo vijana wamepita asilimia 35 ya watu wazima ina hatari kubwa kwa asilimia 150 kuliko nchi yenye muundo wa umri kama wa nchi nyingi zilizoendelea. Kenya, kwa asilimia 36, imo. Namba hiyo inatisha, na ndiyo maana inapendwa.

Fanya hesabu ya mfano. Tuseme katika kundi la nchi zenye vijana wachache, kila miaka 1,000 ya nchi (nchi moja kwa mwaka mmoja ni mwaka mmoja wa nchi) mapigano mapya huanza mara 10. Ongeza asilimia 150, unapata mara 25. Miaka 975 iliyobaki imepita bila mapigano mapya, katika nchi zilezile zinazoitwa bomu. Namba 10 ni ya kuchagua tu ili hesabu iende, lakini umbo la jibu halibadiliki: kuanza kwa vita ni tukio la nadra, na ukizidisha tukio la nadra mara mbili na nusu bado ni la nadra. Weka hesabu hii ndani ya andiko. Itamwonyesha msomaji kwa macho yake umbali uliopo kati ya kuongeza hatari na kuamua matokeo.

Hatua ya 4: Uliza lini

Hapa ndipo kesi ya Kenya ina uzito kuliko zote, kwa hiyo ipe kurasa za kutosha. Muundo wa umri hubadilika polepole sana. Waliokuwa na miaka 15 hadi 24 mwaka 2007 walizaliwa kati ya 1983 na 1992, na idadi yao ingeweza kukadiriwa miaka mingi kabla. Kitu kinachosogea kwa mwendo huo hakiwezi peke yake kueleza kitu kinachopanda na kushuka kila baada ya miaka mitano.

Panga chaguzi kwenye jedwali. Mwaka 1992 na 1997 kulikuwa na ghasia kubwa, hasa Bonde la Ufa mara ya kwanza na Pwani mara ya pili. Mwaka 2002 nchi ilibadilisha utawala kwa utulivu wa kulinganisha. Mwaka 2007 ikawaka. Mwaka 2013 ikatulia tena kwa kiasi kikubwa. Kwenye safu ya pili weka asilimia ya vijana kila mwaka. Utaona mstari unaokaribia kunyooka. Kwenye safu ya tatu weka kilichobadilika kweli.

Mwaka 2002 Moi alikuwa anaondoka, na wagombea wawili wakuu, Kibaki na Uhuru Kenyatta, walitoka jamii moja. Mwaka 2007 rais aliyekuwa madarakani alikabiliana na Raila Odinga, kura zilikaribiana, matokeo yakatangazwa tarehe 30 Desemba huku yakipingwa, na Kibaki akaapishwa jioni ileile. Wapinzani hawakuziamini mahakama za wakati huo, wakakataa kwenda huko. Mwaka 2013 kulikuwa na Katiba ya 2010, Mahakama ya Juu iliyopokea pingamizi la uchaguzi, na muungano wa Uhuru na Ruto uliowaweka viongozi wa Wakikuyu na Wakalenjin upande mmoja. Vijana wa Bonde la Ufa walikuwa bado wengi. Waliobadilika ni wakubwa wao na taasisi.

Kuwa mwangalifu usivuke mpaka. Jedwali hili halithibitishi kwamba umri hauna athari yoyote. Linathibitisha kwamba umri hauwezi kueleza *mabadiliko* kati ya uchaguzi na uchaguzi. Andika hivyo hivyo.

Hatua ya 5: Uliza nani, na wapi

Takwimu za nchi hazikuambii nani alishika panga. Kwa hilo nenda kwenye ripoti ya 2008 ya Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia hizo. Ilihesabu vifo 1,133. Kati ya hivyo, 405 vilitokana na risasi, zaidi ya theluthi moja, na tume iliwabebesha polisi sehemu kubwa ya lawama ya risasi hizo. Mwandishi anayeziita ghasia zote “ghasia za vijana” anaificha dola ndani ya takwimu ya umri. Tume ilieleza pia kwamba baadhi ya mashambulizi yalipangwa na kugharimiwa na wanasiasa na wafanyabiashara. Kijana aliyelipwa na kupelekwa ni sehemu ya maelezo, na aliyemlipa pia ni sehemu.

Kisha fanya hesabu nyingine ndogo. Hata ukikisia kwa ukarimu kwamba vijana 100,000 walishiriki, hiyo ni asilimia 1.3 tu ya milioni 7.9. Nadharia inayotaja sifa waliyo nayo wote haiwezi kueleza kitendo cha wachache hao hadi iseme ni nini kiliwatofautisha.

Kuhusu mahali kuna mtego. Utashawishika kuonyesha kwamba Kaskazini Mashariki, yenye uzazi wa watoto 5.9 kwa mwanamke katika utafiti wa afya wa 2008–09, haikuwa kitovu cha ghasia, ilhali Nairobi, yenye 2.8, ilikuwa. Usitumie kiwango cha uzazi badala ya sehemu ya vijana. Nairobi ina uzazi mdogo lakini imejaa watu wa miaka ya ishirini kwa sababu ya wahamiaji kutoka vijijini. Tumia jedwali la umri la kila mkoa, au acha ulinganisho huo.

Hatua ya 6: Andika kile kinachobaki cha umri

Shaka nzuri haifuti kigezo, inakipangia nafasi. Wingi wa vijana unaweza kurahisisha kazi ya anayetafuta watu wa kukodi, hasa pale kipato kilipo kidogo na migogoro ya ardhi ipo tayari. Dai la andiko lako linaweza kusomeka hivi: “Sehemu kubwa ya vijana ilipunguza gharama ya kuhamasisha ghasia Kenya mwaka 2007, lakini wakati na mahali pa ghasia hizo vilitegemea ushindani wa viongozi, migogoro ya ardhi na mwenendo wa polisi.” Dai hilo linaweza kukosolewa kwa ushahidi: mtu akionyesha kwamba ghasia zilianza vivyo hivyo mahali ambapo viongozi hawakuhamasisha, limeyumba.

Kabla ya kuwasilisha, tafuta kwenye faili lako maneno “husababisha”, “bomu” na “haiepukiki”. Kila unapoyakuta, angalia kama ushahidi wa aya hiyo unahusu uwezekano wa nchi nyingi au tukio moja la Kenya. Ukiwa wa nchi nyingi, badilisha kitenzi kiwe “huongeza uwezekano”.