Kabla ya kujaza "Ndiyo" au "Hapana": faini ya kokoro na fomu ya kazi

Fomu nyingi za kazi huuliza: "Je, umewahi kutiwa hatiani kwa kosa la jinai?" Kwetu Kigoma swali hili huwakwaza vijana waliowahi kukamatwa ziwani wakivua kwa kokoro, wavu wa kukokota uliopigwa marufuku. Wengi hujibu "Hapana" kwa moyo mweupe, kwa kuwa hawakufungwa. Lakini swali halikuuliza kifungo. Aliyekiri kosa mbele ya hakimu, akahukumiwa kulipa faini, ametiwa hatiani hata kama alilala kwake usiku uleule.

Kwa hiyo kabla ya kushika kalamu, ujue kwanza pesa ile uliilipa wapi. Kuna kesi zinazofika mahakamani, na kuna makosa yanayofifilishwa: unakiri kwa maandishi mbele ya ofisa wa uvuvi, unalipa, na hakimu hakuoni. Risiti itakusaidia, ila kilicho bora ni nakala ya hukumu. Nenda masijala ya mahakama iliyosikiliza kesi ukiwa na jina ulilolitumia siku ile, mwaka na namba ya kesi kama unayo. Omba mapema, maana jalada la zamani huchukua muda kupatikana. Kama kosa lilififilishwa, hukumu haipo. Hata hivyo soma swali tena, kwani fomu nyingine huuliza pia faini au adhabu yoyote. Ukikwama, muone msaidizi wa kisheria.

Tuseme kijana wa Kibirizi anaomba kazi ya utunzaji ghala, na nakala yake inaonyesha alitiwa hatiani mwaka 2019. Anaweka "Ndiyo", na kwenye nafasi ile finyu anaandika "tazama maelezo yaliyoambatanishwa". Maelezo yenyewe yasizidi mistari michache:

"Mwaka 2019 nilikiri kosa la kuvua kwa kokoro katika Mahakama ya Wilaya ya Kigoma. Nilihukumiwa kulipa faini na niliilipa yote. Tangu hapo sijashtakiwa tena. Tangu 2021 natunza stoo ya duka la vifaa vya ujenzi, na mwajiri wangu ni mmoja wa wadhamini wangu. Nakala ya hukumu ninayo."

Hapo hakuna "nilisingiziwa" wala "nilipata matatizo kidogo". Maneno hayo ndiyo humfanya msomaji ahisi kuna kubwa lililofichwa, na akiomba nakala akakuta ulikiri mwenyewe, umeharibu. Mwaka, kosa na adhabu vifanane na hukumu, neno kwa neno ikibidi.

Barua ya maombi iache izungumzie kazi, isipokuwa tangazo lenyewe limeuliza. Wadhamini, pamoja na mtendaji wa mtaa atakayekuandikia utambulisho, waambie kabla hawajapigiwa simu. Mdhamini anayeshtuka kwenye simu hukuangusha bila kukusudia.

Halafu soma tamko lililo juu ya sahihi yako. Mara nyingi linasema maelezo ya uongo yanatosha kukufukuzisha kazi, hata ukiwa umeshaifanya miaka.