Tiketi za wateja wa faiba: intani aandike nini, na lini ampelekee mwandamizi

Mwongozo huu ni wa intani anayepokea simu kwenye dawati la kampuni ya intaneti ya faiba. Mifumo ya tiketi, yaani kumbukumbu za matatizo ya wateja, inatofautiana kwa sura, ila kazi ni ileile.

Hatua ya 1: Fungua tiketi mteja akiwa bado kwenye simu

Andika namba ya akaunti, namba ya simu atakayopatikana leo, na maneno yake kama alivyoyasema. Kichwa kama "Intaneti mbovu" hakimsaidii fundi. "Taa ya LOS nyekundu tangu 09:10, vifaa vyote" kinampa pa kuanzia.

Saa ndipo wengi wanapoteleza. Mteja akisema mtandao umekata saa tatu, muulize ni asubuhi au usiku, kisha andika 09:00 au 21:00. Ukiandika "3:00", fundi atakwenda kutafuta kumbukumbu za alfajiri na hataona kitu. Kumbuka pia kwamba seva nyingi hutunza saa kwa UTC, ambayo iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Kwa hiyo taja ni saa za wapi.

Hatua ya 2: Uliza taa kabla ya kitu kingine

Kama taa zote za ruta zimezimika, kwa kawaida tatizo ni umeme au adapta. LOS ikiwaka nyekundu, mwanga wa faiba haufiki kwenye kifaa, na hakuna mpangilio wa ruta utakaouleta. Kama PON, taa ya muunganisho wa faiba, imetulia kijani na LOS imezimika, laini kwa kawaida iko salama, basi mwombe mteja mwenye kompyuta ya Windows aendeshe hizi:

```
ipconfig
ping 192.168.1.1
ping 8.8.8.8
nslookup google.com
```

Badala ya 192.168.1.1 weka namba inayoonekana kwenye Default Gateway. Hiyo isipojibu, shida iko ndani ya nyumba: Wi-Fi au waya. Ikijibu lakini 8.8.8.8 ikawa kimya, shida inaanzia kwenye ruta yenyewe au mbele yake. Zote mbili zikijibu na jina likakataa, angalia DNS, mfumo unaogeuza majina ya tovuti kuwa namba. Nakili majibu kwenye tiketi kama yalivyo.

Kuzima na kuwasha ruta ni sawa, mara moja. Usimwambie mteja abonyeze kitundu cha Reset, kwa sababu kinaweza kufuta jina na nywila ya muunganisho, na aliyekuwa na intaneti ya polepole akabaki bila kabisa. Usimwambie pia achomoe ule waya mwembamba wa faiba: vumbi kidogo kwenye ncha linatosha kudhoofisha mwanga, na mwanga wenyewe hauonekani ila unaweza kudhuru jicho.

Hatua ya 3: Amua kama ni yako

Pandisha tiketi kwa mwandamizi mara moja ikiwa tatizo limegusa zaidi ya mteja mmoja mahali pamoja, ikiwa suluhisho linahitaji ruhusa au kifaa usichonacho, au ikiwa kuna dalili kwamba taarifa za mteja zimevuja. Nje ya hayo, dakika 15 bila kugundua jipya zinatosha. Intani wengi hung'ang'ania kwa kuogopa kuonekana hawajui, na mteja ndiye anayelipa.

Chukua mfano huu. Mteja anapiga 09:25, LOS nyekundu. Kabla ya kupandisha tiketi yake, unatafuta tiketi za leo za eneo lake na kukuta mbili nyingine, zote za baada ya 09:10. Unafungua akaunti zao: wote watatu wako kwenye kigawanyaji kimoja, ambacho mara nyingi hulisha wateja 32. Unaangalia sababu ya kukatika kwenye mfumo. Ingekuwa Dying Gasp, vifaa vilizimika kwa kukosa umeme, na ungeuliza kama mtaa una umeme. Hapa inasoma LOS, kwa hiyo shuku waya uliokatwa au kisanduku kilichoguswa. Unaunganisha tiketi tatu chini ya moja kuu na kuandika:

```
Wateja 3, kigawanyaji kimoja, LOS tangu 09:10 (saa za Dar)
Sababu kwenye mfumo: LOS, si Dying Gasp
Nimefanya: ruta ya mteja wa tatu imewashwa upya mara 1
Naomba: fundi wa laini akague kigawanyaji
```

Mstari wa "Naomba" ndio husahaulika zaidi. Bila huo, mwandamizi anasoma yote halafu anakuuliza unataka nini.

Hatua ya 4: Mteja anabaki wako

Kupandisha tiketi hakumhamishi mteja. Mwambie nani analishughulikia tatizo lake na utampigia saa ngapi, kisha piga hata kama huna jipya. Usiahidi saa ya kupona ambayo fundi hajaitaja. Funga tiketi mteja akithibitisha, si LOS ikizimika tu. Tatizo lilelile likirudi kesho, fungua upya tiketi ya zamani, maana ukianzisha nyingine fundi hataona kwamba laini hiyo ilishakatika jana.