Kufungua majina matakatifu yenye kistari kwenye maandiko ya kale ya Kigiriki (na kwa nini kistari kingine sio jina)

Juzi dogo mmoja anayesoma theolojia alinitumia ukurasa wa Kodeksi Sinaitiko, Biblia ya kale ya Kigiriki iliyoandikwa kwa mkono kwenye ngozi, aliokuwa amenakili kwa ajili ya darasa, umerudi umejaa wino mwekundu na haelewi kwa nini. Nikaangalia, kumbe kila alipoona kistari juu ya herufi amefungua jina takatifu, yani amedhani ni ufupisho wa neno kama Mungu au Yesu akauandika kwa ukamilifu, hata pale ambapo hakuna jina lolote. Nilimweleza kwa sauti za Wosapu karibu saa nzima, so naandika hapa nisirudie tena.

Hatua ya 1: Fungua picha, funga nakala ya watu

Ingia codexsinaiticus.org, ukurasa wowote una picha na pembeni yake kuna maandishi yaliyokwisha nakiliwa. Hayo usiyaangalie mpaka umalize yako. Ukiyaangalia mapema jicho linaona linachoambiwa.

Hatua ya 2: Zijue sura za kawaida

Wanakili Wakristo wa mwanzo walikuwa na maneno kama 15 waliyoyafupisha na kuyachorea kistari juu. Manne ndo hayakosekani: Mungu ΘϹ (θεος), Bwana ΚϹ (κυριος), Yesu ΙϹ (ιησους), Kristo ΧϹ (χριστος). Sigma yao inafanana na C, usishtuke. Kwa kawaida wanabakiza herufi ya kwanza na ya mwisho, na ya mwisho inabadilika kufuata sarufi: ΚΥ ni κυριου, ΚΩ ni κυριω, ΚΝ ni κυριον. Wengine utawazoea njiani, Roho ΠΝΑ, Baba ΠΗΡ, mtu ΑΝΟϹ, Israeli ΙΗΛ, Daudi ΔΑΔ. (Hapa naandika bila kistari maana fonti za simu nyingi zinakitupa pembeni.)

Hatua ya 3: Amua kistari ni cha nini KABLA hujafungua kitu

Hapa ndo pa kutulia, mi mwenyewe pamenila jioni nzima zaidi ya mara moja. Kistari juu ya herufi kina kazi angalau tatu, na mara nyingine hata sio kistari.

Kazi ya kwanza ni hiyo ya jina takatifu. Kwa kawaida kinakaa juu ya ufupisho mzima, au katikati yake.

Ya pili ni nyu ya mwisho wa mstari. Mnakili akiona nafasi inamuishia anaacha kuandika Ν na badala yake anachora kistari juu ya herufi ya mwisho, mara nyingi kinasogea kulia kuelekea pembeni. ΑΥΤΟ yenye kistari mwishoni ni αυτον, basi, hakuna utakatifu wowote hapo. Sinaitiko ina safu nne kwa ukurasa, nyembamba, yani miisho ya mistari ni mingi ajabu na vistari hivi vimejaa. Dogo alikuwa amenasa hapa mara tano.

Ubaya zaidi ni vikikutana viwili. Tuseme mstari unaishia na ΑΝΩ na juu kuna kistari kirefu. Ni ανθρωπω (kwa mtu) au ni ανθρωπων (ya watu) ambayo nyu yake imemezwa na kistari hichohicho? Kuzuum peke yake hakutakuokoa. Rudi nyuma utafute neno la kabla yake: ukikuta ΤΩ katikati ya mstari, pasipo na haja ya kubana, ni ανθρωπω, ukikuta ΤΩΝ ni ανθρωπων. Hakuna neno la kukusaidia? Basi andika unachokiona na uweke maelezo, usibahatishe.

Ya tatu ni namba. Wagiriki walihesabu kwa herufi na wakazichorea kistari vilevile. ΙΗ ni 18, lakini ni Yesu pia kwenye mafunjo machache ya zamani kama P45, ambako wanaandika herufi mbili za mwanzo tu badala ya ya kwanza na ya mwisho. Na watu wa enzi hizo walilijua hilo: Waraka wa Barnaba sura ya 9 unachukua watumishi 318 wa Abrahamu, ΤΙΗ, unasema ΙΗ ni Yesu na Τ ni msalaba. Mfano ninaoupenda zaidi ni kipande cha mafunjo cha P115, Ufunuo 13:18, kina ΧΙϹ yenye kistari. Mtu mwenye haraka anaona Kristo aliyeandikwa vibaya. Ni namba ya mnyama, 616, na hiyo ya mwisho sio sigma, ni alama ya 6 ambayo inafanana nayo. So kama sentensi inahesabu kitu, fikiria namba kwanza.

Halafu kuna kistari ambacho hakipo. 1 Timotheo 3:16 kuna ugomvi wa miaka mingi, je ni ΟϹ (ambaye) alidhihirishwa katika mwili, au ΘϹ (Mungu)? Tofauti ni kijistari ndani ya duara na kistari juu. Kwenye Kodeksi Aleksandrino, ile iliyoko Maktaba ya Uingereza London, watu waliona theta, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1700 msomi Wettstein alipoigeuzageuza akagundua kijistari cha katikati ni mkono wa epsilon iliyoandikwa upande wa pili wa ngozi, unaonekana kwa kupenya. Wino mwingine mweusi zaidi uliongezwa baadaye na mtu mwingine. Ndo maana nasema angalia upande wa pili wa karatasi kila ukiwa na wasiwasi. Sinaitiko kwenye tovuti ina picha za mwanga wa pembeni, zitumie kuona ngozi ilivyo, na linganisha rangi ya wino wa kistari na wa herufi zake.

Na ukiifungua aya hiyohiyo kwenye Sinaitiko utakuta ΟϹ kwenye mstari, na juu yake msahihishaji wa karne nyingi baadaye kaongeza ΘΕ. Mnakili wa kwanza aliandika ος, unanakili ος. La msahihishaji ni θεος kamili, halina ufupisho, kwa hiyo halina mabano, linakwenda kwenye maelezo.

Hatua ya 4: Mabano

Tunafuata mfumo wa Leiden wa 1931, kanuni za alama za kunakili maandiko ya kale: ulichoongeza wewe kinaingia kwenye mabano ya duara, kilichoandikwa na mnakili kinabaki nje. Mabano ya mraba ni ya sehemu iliyochanika, usichanganye.

```
ΘϹ   θ(εο)ς
ΚΥ   κ(υριο)υ
ΠΝΑ  πν(ευμ)α
ΠΡϹ  π(ατ)ρ(ο)ς
ΑΝΟϹ αν(θρωπ)ος
```

Usisawazishe. P46 anaandika Yesu kwa herufi tatu, ΙΗϹ, na Kristo ΧΡϹ, kwa hiyo ni ιη(σου)ς na χρ(ιστο)ς, sio ι(ησου)ς. Neno ni lilelile lakini ukihamisha mabano umemsingizia mnakili. Mi siweki alama za mkazo juu ya herufi pia, yeye hakuziweka. Na fungua hata pasipo utakatifu: Waebrania 4:8 Ιησους ni Yoshua, pepo mchafu naye anaweza kuandikwa ΠΝΑ. Kistari ni mazoea ya mkono, kazi yako sio kumhukumu.

ΔΑΔ inaudhi kidogo, maana wanakili wanapoandika kamili wengine wanaweka δαυιδ, wengine δαυειδ. Chagua moja, sema mwanzoni umechagua ipi, songa mbele.

Hatua ya 5: Kagua

Andika kwenye faili la maandishi matupu, sio Word, Word inajifanya inajua Kigiriki. Kisha ondoa vyote vilivyomo kwenye mabano ya duara kwa amri hii ya terminali, nakala.txt ikiwa faili lako:

```
sed 's/([^)]*)//g' nakala.txt
```

Kinachobaki kinatakiwa kifanane na picha herufi kwa herufi. Mahali pekee patakapopungua ni zile nyu za mwisho wa mstari, kama umeziandika α(ν), na hapo utaona kistari chake kimekaa pembeni kinakusubiri. Dogo alipoiendesha ya kwake alibaki na ης ambapo ngozi ina ΙϹ, alikuwa ameandika (ι)ης(ους) akidhani mabano ni pambo.