Doa jeusi unyayoni linalobadilika: namna ya kulikagua na wakati wa kumwona daktari

Nimeandika mwongozo huu baada ya kumhudumia shangazi yangu, mkulima wa mpunga, aliyekaa na doa kisiginoni kwa zaidi ya mwaka akidhani ni sugu. Mimi ni ofisa tabibu katika kliniki ya ngozi. Watu wenye ngozi nyeusi hupata melanoma, yaani saratani ya chembe zinazotengeneza rangi ya ngozi, mara chache. Lakini wanapoipata, mara nyingi huwa kwenye unyayo, kiganja au chini ya ukucha. Bob Marley, aliyefariki mwaka 1981 akiwa na umri wa miaka 36, yake ilianzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu.

Hatua ya kwanza: osha miguu, kisha mwombe mtu akukague nyayo na katikati ya vidole mchana, kwenye mwanga wa jua.

Hatua ya pili: lichunguze doa lenyewe. Daktari huangalia kama nusu zake mbili zinafanana, kama kingo zimenyooka au zimechongoka, kama lina rangi zaidi ya moja, na kama upana wake umepita milimita 6. Yote hayo ni ya maana, lakini mimi huweka mbele swali moja: je, limebadilika? Doa pana lililokaa vilevile tangu utotoni hunitia wasiwasi mdogo kuliko doa dogo lililoanza kutambaa mwaka huu. La shangazi lilikuwa na milimita 11, kahawia upande mmoja, jeusi upande wa pili, na ukingo mmoja ukififia kuwa kijivu. Tahadhari: baadhi ya melanoma za unyayo hazina weusi wowote, bali hufanana na kidonda chekundu au sugu inayotoa damu. Kidonda cha unyayo kisichopona kwa miezi miwili kichunguzwe, hata kama unakumbuka mwiba uliokuchoma.

Hatua ya tatu: piga picha ukiwa umeweka rula pembeni ya doa. Picha hiyo ni ya kumwonyesha daktari, si sababu ya kusubiri miezi mitatu ili upige nyingine.

Hatua ya nne: panga siku ya kwenda. Doa linalobadilika si dharura ya usiku, ila lionwe ndani ya wiki mbili. Uvimbe mgumu ulioinuka na unaozidi kukua usipewe hata hizo wiki mbili, na vivyo hivyo doa lililoambatana na mtoki upande uleule wa mguu. Ukiweza, nenda kwa daktari wa ngozi mwenye dematoskopu, ile lenzi yenye taa. Ngozi ya unyayo ina vituta na vifereji. Rangi iliyokaa ndani ya vifereji kwa kawaida haina madhara, ilhali iliyotanda juu ya vituta hutufanya tukate kinyama cha kupima.

Hatua ya tano ndiyo iliyowahi kunigharimu, kwa hiyo nitaikalia. Doa linalotiliwa shaka halichomwi kwa dawa ya sugu, halikwanguliwi kwa wembe, wala haligandishwi kwa baridi. Hukatwa lote kwa ganzi, pamoja na ukingo wa takriban milimita 2 za ngozi nzima, na kinyama hicho huwekwa kwenye fomalini na kupelekwa maabara ya patholojia. Ikiwa doa ni kubwa mno kukatwa lote, daktari huchukua kipande kinachozama chini kutoka sehemu nene au nyeusi zaidi. Sababu ni kwamba matibabu yanayofuata hutegemea zaidi kina ambacho ugonjwa umezama, na kina hicho hupimwa kwa milimita chini ya hadubini. Aliyekwangua juu juu ameharibu kipimo. Niliwahi kumpokea mama mmoja aliyekatwa doa kwenye zahanati na nyama ikatupwa. Jeraha lilipona vizuri, kila mtu akaridhika, na miezi minane baadaye alikuja na mtoki mgumu kinenani. Nilitumia siku nzima kupiga simu nikitafuta kinyama ambacho hakikuwepo. Kwa hiyo, kabla ya kukubali kukatwa, uliza: kinapelekwa maabara gani, na majibu ni lini? Wasipokuwa na jibu, omba barua ya rufaa.

Majibu yakija, chukua nakala na utafute mambo mawili: unene kwa milimita, na kama kingo zilikuwa safi. Ya shangazi yalisoma milimita 0.7. Daktari wa upasuaji aliongeza kukata sentimita 1 kuzunguka kovu, akapapasa kinena bila kukuta mtoki, na sasa tunamkagua unyayo na kinena kila baada ya miezi michache.